Begi si mshtakiwa pekee: mgongo wa mwanafunzi wa Songwa na mizigo yake ya siku nzima

Mama mmoja kutoka pande za Songwa, wilayani Kishapu, aliingia kliniki akiwa amemtanguliza binti yake wa kidato cha kwanza. Kabla ya kuketi aliweka begi la shule juu ya meza yangu, kama shahidi awekavyo kielelezo mbele ya hakimu. «Daktari, begi hili ndilo linalommaliza mwanangu mgongo,» alisema. Binti aliniamkia, akakaa pembeni ya kiti, mkono mmoja ukiushika mgongo katikati ya mabega.

Kisa chake nakisimulia kwa kuwa kinabeba hoja yangu nzima, nami nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Hoja yenyewe ni hii: ushauri tunaowapa wazazi kuhusu mabegi ya shule tumeuchukua kutoka miji ambayo mtoto hubeba begi tu, tena kwa dakika chache kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Ukiletwa Songwa bila kupimwa upya, ushauri huo humfanya mzazi aliangalie begi na kuacha kuyaangalia mambo mawili mazito zaidi. La kwanza ni mzigo ambao mtoto hubeba akishalitua begi. La pili ni ugonjwa unaoweza kujificha nyuma ya neno «begi».

Nianze na begi lenyewe, maana mama yule hakukosea kulishuku. Tulilipima kwa mizani: kilo 6 na nusu. Ndani yake mlikuwa na madaftari makubwa saba ya jalada gumu, yale ambayo wanafunzi huyaita kaunta buku, kila moja likiwa na kurasa zinazokaribia 300 na uzito wa gramu 650 hivi. Hayo peke yake yalifanya kilo 4 na nusu. Chupa ya maji ilikuwa kilo 1, begi tupu nusu kilo, na kinachobaki kilikuwa chakula na mkebe wa vifaa vya hisabati. Binti alikuwa na kilo 36. Begi lilikuwa sawa na asilimia 18 ya uzito wa mwili wake, naye alilibeba kwa mwendo wa saa nzima asubuhi na saa nzima alasiri.

Kipimo ambacho wataalamu wengi hukitumia ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa binti huyu ingekuwa kati ya kilo 3.6 na 5.4. Msomaji aelewe kwamba namba hizo ni mwongozo wa busara. Haimaanishi kwamba asilimia 15 ni salama na 16 ni hatari. Msingi wake ni kile kinachoonekana mtoto anapotembea. Uti wa mgongo wake umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu kinachopokea mishindo. Ukitazamwa kwa ubavu, uti huo una mapindo ya kawaida: huingia ndani shingoni, hutoka nje kifuani, kisha huingia tena kiunoni. Mapindo hayo huuwezesha kubeba mwili kwa gharama ndogo ya misuli, maadamu uzito wa kichwa na kifua unaangukia juu ya nyonga.

Begi zito likivaliwa mgongoni huuvuta uzito huo nyuma. Ili asianguke chali, mtoto huinama mbele kutoka kwenye nyonga, na ili aone njia huinua uso na kusukuma kidevu mbele. Sasa misuli ya nyuma ya shingo na ile iliyo kati ya mabega inafanya kazi bila kupumzika kwa saa nzima. Akilining'iniza begi bega moja, huliinua bega hilo na kuupinda mgongo upande wa pili. Misuli iliyochoka hivyo huuma, na hapo ndipo binti yule alipokuwa ameweka mkono wake.

Hata hivyo, ukweli mwingine usemwe. Mwaka 2018 watafiti walizikusanya tafiti 69 kuhusu mabegi ya shule na maumivu ya mgongo kwa watoto na vijana. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba uzito wa begi au namna ya kulibeba humletea mtoto ugonjwa wa mgongo. Dalili iliyojitokeza, nayo ikiwa hafifu, ni kwamba mtoto anayelihisi begi kuwa zito ndiye mwenye maumivu yanayoendelea. Begi pia halisababishi ule mpindo wa pembeni wa uti wa mgongo unaoonekana kwa baadhi ya wasichana wanapobalehe. Mpindo huo una asili nyingine, na mazoezi ya nyumbani peke yake hayaunyooshi. Kwa hiyo begi linaweza kuchosha na kuumiza misuli, lakini ushahidi wa kulihukumu kwamba linaharibu mifupa haupo.

Kama ningeishia hapo, ningempa mama yule orodha ya mazoezi na kumuaga. Kilichonizuia ni neno alilolisema akiwa anafunga zipu ya begi: «Ajabu ni kwamba hata likizo ya Juni maumivu hayakuisha. Yalizidi.»

Likizoni begi lilikuwa limetundikwa msumarini. Basi nikamwomba binti anisimulie siku yake ya likizo, kuanzia kuamka. Alikuwa akiteka maji. Siku za shule alikwenda mara mbili kila jioni. Likizoni alikwenda mara nne au tano kwa siku, kwa ndoo ya lita 20 kichwani. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ukiongeza ndoo yenyewe unapata kilo 21. Hiyo ni asilimia 58 ya uzito wake. Tulikuwa tukilijadili begi la asilimia 18 huku ndoo ya asilimia 58 imekaa kimya nje ya mlango.

Tunaipuuza ndoo kwa sababu abebaye kichwani husimama wima, na sisi tumefundishwa kwamba mkao ulionyooka ni mkao mzuri. Ni kweli kwamba mzigo wa kichwani haumpindi mtu kama ufanyavyo mzigo wa mgongoni, lakini mkao mzuri haupunguzi kilo hata moja. Uzito wote hushuka moja kwa moja kupitia pingili saba za shingo, ambazo ndizo ndogo kuliko zote, na misuli ya shingo na mabega hukaza muda wote ili ndoo isiyumbe. Hatari kubwa zaidi iko mwanzoni mwa safari, pale mtoto anapoinama, kuinyanyua ndoo iliyojaa, na kuizungusha hadi kichwani akiwa peke yake. Kuinama, kujipinda na kunyanyua kwa wakati mmoja ni mchanganyiko ambao kiuno hakiupendi hata kwa mtu mzima. Mwaka huohuo wa 2018, utafiti uliofanywa Afrika Kusini, Ghana na Vietnam ulionesha kwamba wanaobeba maji huripoti zaidi maumivu ya mikono na ya mgongo wa juu. Mama wa Kishapu hahitaji kusoma utafiti huo ili aamini.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi na mwalimu ni kwamba tupime mizigo yote ya siku. Mizani ya duka la nafaka inatosha. Mpime mtoto bila kitu, kisha mpime akiwa amebeba begi; tofauti ndiyo uzito wa begi. Halafu andika ni nini kingine anabeba: maji, kuni, gunia la mahindi la kupeleka mashineni, mdogo wake mgongoni. Andika na muda. Mzigo wa kilo 5 kwa dakika 10 si sawa na mzigo uleule kwa saa nzima.

Kwa binti yule tulianza na yaliyokuwa rahisi. Tuliitazama ratiba ya masomo tukaona kwamba siku nyingi hakuhitaji madaftari yote saba. Alikuwa akiyabeba yote kwa kuogopa kusahau. Tulimwelekeza abebe ya siku hiyo tu, kwa wastani manne. Mwanzoni mwa muhula uliofuata mama yake alinunua madaftari yenye kurasa chini ya 200 badala ya yale yanayokaribia 300, na kila daftari likapungua gramu 200 hivi. Natambua kwamba daftari nene hununuliwa ili lidumu mwaka mzima, na kwamba kununua mara mbili ni gharama. Hilo ni jambo la kuamuliwa na familia, ila bei ya daftari nene iko pia katika mabega ya anayelibeba. Chupa ikawa ya nusu lita. Begi likashuka hadi kilo 3 na robo, yaani asilimia 9.

Namna ya kulivaa nayo ilibadilika. Mikanda yote miwili ilivaliwa na kukazwa hadi sehemu ya chini ya begi ikakaa kiunoni, isininginie juu ya makalio. Daftari zito kuliko yote liliwekwa upande unaogusa mgongo. Kwa mtoto asiye na begi la mikanda miwili, ambaye hutumia mfuko wa salfeti, kanuni ni kubadilisha mkono kila baada ya muda mfupi na kutoubeba ukiwa umejaa.

Ndoo ilihitaji mazungumzo marefu zaidi, kwa sababu kaya haiwezi kukaa bila maji. Mama alikubali binti achote lita 10 badala ya 20, abebe juu ya ngata, na asijitwishe peke yake. Watu wawili waiinue pamoja. Madumu makubwa yakahamia kwenye baiskeli ya kaka yake, ambaye hapo awali hakuwa na zamu yoyote ya maji. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa katika kaya nyingi ninazozihudumia, mgongo unaouma ni wa msichana, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani ni ya mvulana.

Baada ya hapo ndipo mazoezi yana maana. Kumpa mtoto mazoezi huku ukimwachia mzigo uleule ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi ambao tundu lake halijazibwa. Nilimfundisha mazoezi manne, yanayochukua dakika 10 juu ya mkeka, siku tano kwa wiki.

Zoezi la kwanza hufanyika ukutani. Mtoto husimama visigino vikiwa umbali wa kiganja kimoja kutoka ukutani, makalio na mgongo wa juu vikigusa ukuta. Hurudisha kidevu nyuma taratibu, bila kuinua uso, hadi kisogo kiguse au kikaribie ukuta. Hushikilia kwa sekunde 5, akaachia. Hurudia mara 10. Zoezi hili huirudisha shingo iliyozoea kusukumwa mbele.

Zoezi la pili ni la mabega. Akiwa ameketi au amesimama wima, mikono ikining'inia, huyavuta mabega nyuma na chini kana kwamba anabana kalamu kati ya mifupa miwili ya mabega. Sekunde 5, mara 10. Mabega yasipande kuelekea masikioni. Yakipanda, misuli inayofanya kazi ni ileile iliyokwisha kuchoka.

Zoezi la tatu hufanyika kwa magoti na viganja, mgongo ukiwa bapa kama meza. Hunyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, hushikilia kwa sekunde 5, kisha hubadilisha. Mara 8 kila upande. Njia ya kujua kama anakosea ni kuweka sahani ya plastiki juu ya kiuno chake: ikianguka, kiuno kinayumba, basi ainue mguu peke yake kwanza hadi apate nguvu.

Zoezi la nne ni daraja. Hulala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zikiwa chini, kisha huinua makalio hadi mapaja na kifua vikae kwenye mstari mmoja. Sekunde 5, mara 10. Hili huimarisha makalio na kiuno, ambavyo ndivyo vinavyopaswa kufanya kazi mtoto anapochuchumaa kuinua ndoo.

Uchovu wa misuli baada ya mazoezi ni wa kawaida kwa siku chache za mwanzo. Maumivu makali, ganzi, au maumivu yanayoshuka mguuni si ya kawaida. Hayo yakitokea mtoto aache mazoezi na arudi kituoni. Matokeo yasitafutwe kesho. Hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Binti yule aliporudi baada ya wiki 8, alikuwa akiumwa siku mojamoja tu, jioni, na alilala vizuri. Sidai kujua kama kilichomsaidia ni begi, ndoo au mkeka. Nadhani ni vyote, na kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua ndoo.

Nimesema kuna jambo la pili zito. Hili linanigusa zaidi, kwa sababu niliwahi kulikosea mimi mwenyewe nikiwa daktari kijana, katika kituo ambacho hakina haja ya kutajwa. Mvulana wa miaka tisa aliletwa akiumwa mgongo. Baba yake alifanya kazi katika mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Niliuliza kuhusu begi, nikaambiwa ni zito, nikaridhika. Niliandika dawa ya maumivu na kumwambia apunguze vitabu. Alirudi baada ya miezi minne akiwa na kinundu katikati ya mgongo na miguu iliyoanza kulegea. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Ugonjwa huu hula pingili taratibu hadi ziporomoke na kuufanya mgongo uchongoke, na mara nyingine hugandamiza ugwe unaopeleka fahamu miguuni. Mtoto anaweza kuwa nao bila kukohoa hata mara moja. Katika ukanda wetu wa machimbo una mlango wa pekee: vumbi la mawe humwongezea mchimbaji hatari ya kupata kifua kikuu, naye mchimbaji hurudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto. Unatibika kwa dawa, kwa muda ambao mara nyingi hufikia mwaka mzima, na dawa hizo hutolewa bila malipo. Lakini pingili iliyokwisha kuporomoka hairudi ilivyokuwa.

Tofauti kati ya mgongo uliochoka na mgongo unaougua inaweza kuonekana nyumbani. Maumivu ya mzigo huja na mzigo na hupungua kwa mapumziko. Mtoto hulala usiku, hucheza Jumapili. Maumivu ya ugonjwa hubaki hata mtoto akipumzika, humwamsha usiku, na huzidi wiki baada ya wiki. Mwekee mtoto sarafu sakafuni umwombe aiokote. Mwenye misuli iliyochoka huinama, pengine akikunja uso. Mwenye kifua kikuu cha mgongo mara nyingi hukataa kuinama. Huchuchumaa mgongo ukiwa mkavu kama ubao, mkono mmoja ukijishikiza gotini. Ukiyaona hayo, au ukiona kinundu, kupungua uzito, homa za jioni, kujikwaa ovyo, ama katika kaya kuna mtu mwenye kifua kikuu au aliyekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, usisubiri wiki 8 za mazoezi. Mpeleke mtoto hospitalini wiki hiyohiyo, na utaje wazi kazi ya mzazi na kikohozi cha nyumbani. Miguu ikianza kulegea, au mtoto akishindwa kuzuia mkojo, ni siku hiyohiyo.

Sisi wahudumu wa afya tuna deni letu. Kila mtoto anayeumwa mgongo avuliwe shati, atazamwe kwa nyuma na kwa ubavu, ainamishwe mbele, pingili zake ziguswe moja baada ya nyingine, na nguvu za miguu zipimwe. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Kuuliza kuhusu begi ni sehemu ya uchunguzi na hakuwezi kuchukua nafasi yake. Na shule zetu, badala ya kuhubiri kuhusu mkao mstarini, zinaweza kupanga vipindi viwili vya somo moja vifuatane ili masomo ya siku yapungue, na kuwa na kabati lenye kufuli la kuhifadhi madaftari.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakisafiri kwa bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Wanaopanga wapi bomba litawi na wapi kichotea kijengwe huhesabu lita na fedha. Ningependa wahesabu na kilo zinazoshuka kwenye shingo ya msichana wa kidato cha kwanza kila jioni, maana kichotea kikisogea karibu na nyumba yake, hakuna zoezi nitakalomfundisha litakaloshindana nacho.